Bibi bila mashine: kuamua na kuachwa ni vitu viwili

Tumchukue bibi wa mfano, miaka 83, anayekaa na binti yake kijijini Magarini, kaunti ya Kilifi. Kisukari anacho kwa zaidi ya miaka 20, moyo umeshalegea, na tangu mwaka jana haendi msalani bila kushikwa mkono. Vipimo vinaonyesha figo zimebakiwa na kama asilimia 8 ya uwezo wake. Daktari amewaeleza njia mbili: kusafisha damu kwa mashine, au kumtunza bila mashine. Mwanawe wa kwanza, aliyeko Muscat, anapiga simu: "Pesa nitaleta, mpelekeni leo." Binti ananyamaza. Yeye ndiye atakayembeba.

Hoja ya yule kaka haiwezi kupuuzwa. Mashine huongeza uhai, hata kwa wazee. Utafiti mmoja wa Uingereza uliochapishwa 2007 uliwafuata wagonjwa wa zaidi ya miaka 75 wenye figo zilizofeli. Baada ya mwaka mmoja, waliochagua mashine walikuwa hai 84 katika kila 100, na waliotunzwa bila mashine 68. Pengo hilo si dogo. Ila watafiti walipowaangalia peke yao wale wenye maradhi mengine mazito, hasa ya mishipa ya moyo, faida ile ilikaribia kufutika. Bibi wetu yumo katika kundi hilo.

Mwaka 2009 zikaja takwimu kutoka Marekani, za wakazi 3,702 wa nyumba za kutunzia wazee walioanzishwa mashine. Katika mwaka mmoja asilimia 58 walifariki, na ni asilimia 13 tu walioendelea kujimudu kama walivyokuwa kabla ya kuanza. Nawaonya wanaopenda kuitumia namba hiyo kama rungu: wale walikuwa wagonjwa wa nyumba za wazee, waliodhoofika tayari. Mzee wa miaka 83 anayekwenda shambani kwa miguu yake hayumo humo. Umri peke yake hauamui kitu.

Kuna na hesabu ya siku. Nchi nyingi husafisha damu mara tatu kwa wiki, lakini kwetu Kenya NHIF, bima ya afya ya taifa iliyokuwepo hadi 2024, ilizoeleka kulipia mara mbili. Mara mbili ni safari 104 kwa mwaka. Kila safari ni kuamka alfajiri, gari la kukodi hadi mjini, saa nne kitandani na mpira shingoni au sindano mkononi, kisha kurudi akiwa hoi na kulala mpaka kesho yake. Ukiijumlisha siku ya kuchoka na siku ya mashine, wiki imekwisha zaidi ya nusu. Mwana aliyeko Muscat huona uhai ulioongezwa. Binti huona pia wiki hizo zitakavyopita. Wote wawili wanasema kweli.

Upande wa pili nao una hatari yake, na mimi ndiyo ninayoiogopa zaidi. Maneno "mtunzeni nyumbani" yanaweza kuwa njia ya adabu ya kumfukuza mgonjwa asiye na pesa. KDIGO, shirika linalotoa miongozo ya kimataifa ya figo, hutenganisha utunzaji wa mgonjwa aliyechagua kutotumia mashine na ule wa mgonjwa ambaye mashine hakuipata. Dawa zaweza kuwa zile zile, lakini wa kwanza ameamua na wa pili ameamuliwa na umbali au mfuko. Familia ikiambiwa "mama yenu ni mzee mno", iulize: angekuwa na bima kamili na kituo jirani, ushauri ungebaki huo huo? Jibu likibadilika, basi hoja haikuwa uzee.

Kabla ya yote hayo, daktari ahakikishe kwamba figo zimefikia mwisho kweli. Mkojo ulioziba, kuharisha na kukaukiwa maji, au wiki kadhaa za diklofenaki ya duka la mtaani huweza kuziangusha figo ghafla, na baadhi ya hizo huinuka tena. Mgonjwa wa aina hiyo huenda akahitaji mashine kwa muda tu.

Tuseme imethibitishwa. Utunzaji bila mashine unaofaa ni kazi ya kila wiki, na hapa ndipo watu hukosea sana. Bibi analalamika kuwashwa mwili mzima hata halali. Mafuta ya ngozi husaidia kidogo, na gabapentini husaidia zaidi, lakini dawa hii hutolewa na figo. Wengi wa aina hii huanzishwa miligramu 100 usiku, tena wakati mwingine usiku mmoja na kuruka mwingine. Kidonge cha miligramu 300 mara tatu kwa siku, kama anavyopewa jirani mwenye ganzi ya miguu, kitamlaza, kimchanganye na kumfanya ayumbe. Familia itadhani ni mwisho, kumbe ni dozi.

Maumivu yana mtego kama huo. Parasetamoli ndiyo ya kuanzia, na diklofenaki na ibuprofeni hazifai. Yakizidi, mofini ya maji inayopatikana katika huduma shufaa, yaani ya kumpunguzia mateso mgonjwa wa maradhi mazito, huwa na tatizo: mabaki yake hukwama mwilini figo zikifeli. Fentanili ni salama zaidi lakini ni ghali na adimu. Panapokuwa na mofini tu, mtaalamu hutoa dozi ndogo kwa nafasi ndefu na kumfundisha binti dalili za sumu: misuli kurukaruka, usingizi usioamshika, pumzi kupungua.

Pumzi ikibana na miguu kuvimba, kazi kubwa ni ya vidonge vya kukojoza maji, mara nyingi kwa dozi kubwa kuliko ilivyozoeleka, pamoja na kupunguza chumvi. Upungufu wa damu hutibiwa kwa madini ya chuma na, ikipatikana, sindano ya kuongeza damu. Lakini masharti makali ya chakula yanaweza kulegezwa. Akitaka kipande cha papa wa kukaanga, ale.

Kuna njia ya kati ambayo kaka na dada wangeweza kukubaliana: kujaribu mashine kwa muda, tuseme wiki sita, kwa lengo lililotamkwa. Je, ameweza tena kula? Amekaa kitandani siku chache zaidi, au nyingi zaidi? Kwa mgonjwa ambaye udhaifu wake unatokana na sumu ya figo yenyewe, jaribio hilo linaweza kumwinua. Ugumu wake ni kwamba kuanza ni rahisi, na kusimamisha hakuna anayetaka kulitamka. Ndiyo maana tarehe ya kukutana huandikwa kabla ya kikao cha kwanza. Pia wajue tofauti hii: aliyezoea mashine akiiacha, mara nyingi huishi siku chache hadi wiki moja au mbili. Ambaye hakuianza, figo zikiwa na asilimia 8, anaweza kuishi miezi, pengine zaidi ya mwaka.

Binti alipomuuliza mama yake, walikuwa wawili tu, usiku, kaka hayuko kwenye simu. Bibi alijibu: "Mwanangu, mimi nataka kulala kwangu. Mwasho huu tu niondoeni." Asubuhi binti akampigia kaka yake, akayasema maneno hayo yalivyo, kisha akamwomba pesa za gari la daktari wa huduma shufaa, mara moja kila mwezi, na za kununua dawa. Na namba ya simu inayopokelewa usiku ikabandikwa ukutani.