Hesabu vijiji kwanza, watu baadaye

Ukisoma ripoti ya jaribio lililofanyika vijijini au mashuleni, usikimbilie idadi ya washiriki. Tafuta kwanza kura ya kugawa huduma ilipigwa kwa nani. Kama ni vijiji vizima vilivyopangiwa huduma au kunyimwa, basi hata wakihojiwa watu 12,000, ushahidi unaopimwa ni wa vijiji. Huenda hivyo vijiji ni 12 tu.

Mfano ninaoupenda ni jaribio la Mwanza la miaka ya 1991 hadi 1994. Watafiti walitaka kujua kama kuboresha tiba ya magonjwa ya zinaa katika vituo vya afya na zahanati za kawaida kungepunguza maambukizi mapya ya VVU. Kura haikuweza kupigwa kwa mtu mmoja mmoja. Mganga aliyefunzwa mwongozo mpya hawezi kumtibu huyu kwa mwongozo huo na jirani yake kwa ule wa zamani. Tena ugonjwa wenyewe hupita kati ya watu, kwa hiyo anayetibiwa humkinga na asiyefika zahanati. Ndiyo maana walichukua maeneo 12, kila moja likihudumiwa na kituo chake cha afya, wakayapanga jozi 6 za maeneo yanayofanana, kwa mfano ya visiwani kwa visiwani, ya mwambao wa ziwa kwa mwambao. Katika kila jozi kura ikaamua lipi lianze kupata huduma iliyoboreshwa na lipi lisubiri. Kila eneo likatoa watu wazima wapatao 1,000 wa kufuatiliwa kwa miaka 2.

Mwishoni, kati ya watu 4,149 wasio na VVU mwanzoni waliopimwa tena katika maeneo ya huduma, 48 walikuwa wameambukizwa. Katika maeneo ya kulinganisha walikuwa 82 kati ya 4,400. Ni asilimia 1.2 dhidi ya 1.9.

Hapo ndipo mtego ulipo. Ukiyaingiza majedwali hayo kwenye kompyuta kama watu 8,549 waliopigiwa kura kila mmoja kivyake, utapata jibu safi kwa sekunde moja. Lakini watu wa eneo moja hawako kila mmoja kivyake. Wanakunywa pombe kwenye vilabu vilevile, wana wapenzi kutoka mtandao uleule, wanatibiwa na mganga yuleyule, na kama barabara kuu inapita kijijini kwao inapita kwao wote. Ukishajua hali ya watu 300 wa eneo hilo, mtu wa 301 anakuambia kidogo sana usichokijua.

Kufanana huko kunapimika. Huandikwa ICC, namba ambayo kwa kawaida huwa kati ya 0 na 1: ikiwa 0, watu wa kundi moja hawafanani zaidi kuliko watu wa makundi tofauti; ikiwa 1, ukimpima mmoja umewapima wote. Kutokana nayo tunapata namba ya kugawia sampuli:

```
D = 1 + (m - 1) * ICC
```

ambapo m ni idadi ya watu katika kila kundi. Tuseme ni jaribio la ufundishaji lenye shule 20, wanafunzi 50 kila shule, na ICC ya alama za mtihani ni 0.2, kiwango kisicho cha ajabu kwa alama za shule. D ni 10.8. Wanafunzi wako 1,000 wana uzito wa wanafunzi 93 waliopigiwa kura mmoja mmoja. Ukiamua kupima wanafunzi 500 kila shule, jumla inafika 10,000, lakini D inapanda hadi 100.8 na uzito halisi unakuwa 99. Umezidisha kazi mara kumi ukaongeza wanafunzi sita. Lakini ukichukua wanafunzi 1,000 walewale ukawasambaza katika shule 40, 25 kila moja, uzito unafika 172. Kwa maoni yangu, bajeti yoyote inayoongeza watu badala ya makundi irudishwe kwa aliyeiandika.

Usidanganyike na ICC ndogo. Kwa tukio la nadra kama maambukizi mapya ya VVU, ICC inaweza kuwa 0.001 tu, lakini katika maeneo yenye watu 700 kila moja D inakuwa karibu 1.7. Ukiipuuza, unajidai una ushahidi zaidi kwa karibu asilimia 70 kuliko ulio nao.

Sasa turudi Mwanza. Njia salama pale makundi yanapokuwa machache ni rahisi kiasi kwamba wengi wanaidharau: kila eneo linatoa namba moja, yaani kiwango chake cha maambukizi, kisha unalinganisha ndani ya jozi. Una tofauti 6, basi. Katika programu ya R:

```r
d <- log(kiwango_huduma / kiwango_linganishi)
t.test(d)
```

Wastani na mipaka inayotolewa na `t.test` irudishe kwa `exp()` upate uwiano wa hatari, yaani hatari ya maeneo ya huduma gawanya kwa ya maeneo ya kulinganisha. Angalia pia kwamba digrii za uhuru, hapa idadi ya tofauti ukitoa moja, ziwe 5. Ukiona maelfu, kuna mtu amehesabu watu. Eneo lisilo na tukio hata moja litavunja logi, na kawaida huongezewa nusu ya tukio. Kama umri au hali nyingine za watu hazilingani, tengeneza modeli ya mtu mmoja mmoja bila kuingiza huduma ndani yake, pata idadi ya matukio iliyotarajiwa kila eneo, kisha tumia matukio yaliyoonekana gawanya kwa yaliyotarajiwa mahali pa kiwango.

Katika jozi zote 6 za Mwanza, eneo la huduma lilikuwa na maambukizi machache. Kama huduma haikuwa na athari yoyote, kura zote 6 kuangukia upande mmoja ni mara 2 katika 64, takriban 0.03. Baada ya kuzingatia jozi na tofauti za watu, uwiano wa hatari uliochapishwa ulikuwa 0.58, na mipaka ya uhakika ya asilimia 95 ikawa 0.42 na 0.79. Hesabu ya kizembe, ile ya mtu mmoja mmoja, inatoa 0.62, na mipaka yake ni 0.44 na 0.88. Mtu atasema, mbona zinakaribiana? Kwa sababu kupanga jozi kuliondoa sehemu kubwa ya tofauti za maeneo, na jozi zikakubaliana. Kama jozi 2 zingeelekea kinyume, hesabu ya kizembe ingeweza kubaki ileile huku ile sahihi ikiporomoka.

Hesabu hiyo ya kura inaonyesha pia kikomo. Ukiwa na jozi 5, hata zikikubaliana zote, nafasi ya bahati, ambayo ndiyo thamani ya p, ni 2 katika 32, yaani 0.06. Kwa jozi 4 ni 0.125. Na mpango wa wilaya moja dhidi ya wilaya moja hauna pa kushika kabisa: tofauti ya huduma na tofauti ya wilaya ni kitu kimoja, na hakuna modeli itakayozitenganisha.

Modeli nzito zina nafasi yake, ila zinahitaji makundi. Makadirio ya kosa sanifu, kipimo cha mashaka ya jibu, yanayoitwa imara huonyesha kosa dogo kuliko lilivyo pale makundi yanapopungua takriban 40, na modeli mseto, zinazokadiria tofauti za makundi ndani yake, zinahitaji masahihisho ya digrii za uhuru kama ya Kenward na Roger. Makundi 12 yakipita humo bila masahihisho, thamani ya p ya 0.03 inayotoka nisingeitegemea. Ningeomba jedwali la viwango vya maeneo yote 12, kimoja kimoja, na ICC kando yake. CONSORT, mwongozo wa kuandika ripoti za majaribio, katika toleo lake la majaribio ya makundi, unataka ICC iandikwe, na bila hiyo anayepanga jaribio lijalo hana cha kuweka kwenye hesabu ya D.