Mosfeti inachemka: tunaulaumu ukinzani, tumelisahau geti

"Chaja yangu ya sola inashusha volti 36 za paneli kwenda betri ya volti 12, koili inabeba ampea 10, inakatakata kwa kilohezi 100 na draiva ni IR2104. Nimetoa IRFZ44N zote mbili nikaweka IRF3205 zenye ukinzani mdogo zaidi. Mbona ile ya juu sasa inachoma kidole kuliko ya mwanzo?"

Ukisoma mstari wa ukinzani peke yake, fundi huyu alichagua vizuri. IRF3205 ikiwaka ina miliomu 8 tu, na IRFZ44N ina 17.5. Ila chini kidogo kwenye karatasi hiyohiyo ya vipimo kuna mistari ya chaji ya geti, na huko mambo yanageuka. Ili iwake sawasawa, IRF3205 inaweza kudai nanokulombi 146, wakati IRFZ44N inaishia 63. Sehemu ya chaji hiyo inayoamua joto, ile ya kati ya geti na dreni iliyoandikwa Qgd, inafika 54 kwa IRF3205 na 23 kwa IRFZ44N. Sababu ni kwamba ukinzani mdogo hupatikana kwa kutandaza vijifereji vingi zaidi vya umeme juu ya silikoni, na kila kijifereji huja na kipande chake cha geti cha kujazwa.

Imani ya kwamba mosfeti nzuri ni ile yenye ukinzani mdogo haikuzuka hewani. Wengi tulijifunzia kwenye inveta za transfoma nzito za hezi 50, ambako kila mosfeti huwaka na kuzima mara 50 kwa sekunde na hubeba ampea 40 au zaidi kutoka kwenye betri. Kwa kazi hiyo ukinzani ndio karibu hesabu yote. Ampea 40 zikipita nusu ya muda, IRF3205 inapoteza wati 6.4 na IRFZ44N wati 14, huku joto la kuwasha na kuzima likiwa sehemu ndogo sana ya wati. Anayeshikilia ukinzani pale yuko sahihi kabisa. Kwenye kilohezi 100, kitendo kilekile cha kuwasha na kuzima kinarudiwa mara 2,000 zaidi kwa kila sekunde.

Kuna hesabu moja inayowapoteza hata mafundi wazuri, nami nimeiona ikirudi mara nyingi mno. Mtu huzidisha chaji yote ya geti kwa masafa, nanokulombi 146 kwa kilohezi 100, akapata miliampea 14.6. Hapo hutulia. Miliampea 14.6 ni kidogo, hata pini ya kidhibiti cha kawaida inaweza kuzitoa, sembuse draiva kamili. Namba yenyewe ni ya kweli, na ni hiyo utakayoitumia kukadiria mzigo wa usambazaji wa volti 12 unaolisha draiva. Lakini ni wastani wa mzunguko mzima wa mikrosekunde 10, na geti halili kwa wastani. Linadai chaji yake yote ndani ya dirisha dogo, kisha linakaa kimya hadi zamu inayofuata. Ukitaka nanokulombi 54 ziingie kwa nanosekunde 50, unahitaji zaidi ya ampea 1 kwa wakati ule. Miliampea 14.6 pekee zingetumia karibu mikrosekunde 3.7 kumaliza sehemu ya Qgd, zaidi ya theluthi ya mzunguko wote. Wastani na kilele ni maswali mawili, na jibu la moja limekuwa likitumika kujibu la pili.

Kwa nini Qgd hasa? Mosfeti inapowashwa, volti ya geti hupanda, ikavuka kizingiti, na mkondo ukaanza kupita. Ikifika kwenye volti 5 hivi kwa mkondo huu, inasimama. Draiva inaendelea kusukuma mkondo, lakini geti halipandi, kwa sababu chaji yote inayoingia inakwenda kuushusha upande wa dreni kupitia kapasita iliyo kati ya dreni na geti. Hiyo ndiyo tambarare ya Miller, kwa jina la John M. Miller aliyeeleza jambo hilo mwaka 1920 kwenye valvu za redio. Wakati geti limekaa kwenye tambarare, mosfeti inabeba ampea 10 zote na bado ina sehemu kubwa ya volti 36 juu yake. Nguvu ya wakati huo inaanza kwenye wati 360 na kushuka hadi karibu sifuri. Urefu wa tambarare ni Qgd kugawanya kwa mkondo wa draiva, basi. Ukinzani wa mosfeti haumo katika hesabu hiyo.

IR2104 huahidi angalau ampea 0.13 ya kuwasha na ampea 0.27 ya kuzima. Kwa IRF3205, nanokulombi 54 zinachukua nanosekunde 415 kuingia na 200 kutoka, jumla 615. Tuingize kwenye hesabu ya kawaida:

```
P = 0.5 × V × I × t × f
P = 0.5 × 36 × 10 × 615e-9 × 100000 = 11.1 W
```

IRFZ44N kwa draiva ileile inatumia nanosekunde 262, nayo inapoteza wati 4.7. Sasa ongeza joto la ukinzani. Betri ya volti 12 ikichajiwa kwa volti 13.5 hivi, mosfeti ya juu, ile inayounganisha paneli na koili, huwaka asilimia 37.5 ya muda, kwa hiyo IRF3205 inapata wati 0.3 na IRFZ44N wati 0.66. Fundi aliokoa sehemu ya tatu ya wati moja, akalipa zaidi ya wati 6. Hizi ni namba za juu za karatasi, na ukinzani ni wa mosfeti ikiwa baridi, kwa hiyo kipimo chako kitatofautiana kidogo. Pengo lenyewe haliwezi kuzibwa na tofauti hizo. Na anayedhani ataponya joto hili kwa kuunganisha IRF3205 mbili sambamba, anaongeza chaji maradufu mbele ya draiva ileile iliyochoka.

Upande wa pili wa ubishi una watu waangalifu, nao wana hoja ninayoiheshimu. Wao huweka rezista kubwa kwenye geti kwa makusudi, ili mosfeti igeuke polepole. Wanasema afadhali joto ambalo hitisinki italichukua kuliko mwinuko wa volti usioonekana kwa macho. Hesabu inawaunga mkono. Njia ya waya kati ya kapasita ya kuingizia na mosfeti ina indaktansi ya karibu nanohenri 1 kwa kila milimita, na ubao uliotengenezwa bila uangalifu hufikisha 20 kwa urahisi. Ukizima ampea 10 ndani ya nanosekunde 5, nanohenri 20 hizo zinazalisha volti 40, zinazopanda juu ya volti 36. Mosfeti ya volti 55 imekutana na 76. Itakufa baada ya wiki, na mwenye nayo atasema ilikuwa feki. Kelele za redio nazo hukua kadiri kingo za mawimbi zinavyozidi kuwa kali.

Ninachowapinga ni pale wanapoufanya uangalifu huo kuwa sheria ya kuchelewesha kila kitu. Mwinuko wa volti huzaliwa katika nanosekunde chache ambazo mkondo unakatika, na dawa yake ya kwanza ni kusogeza kapasita ya seramiki iguse miguu ya mosfeti ili nanohenri zipungue. Wakati wa tambarare mkondo haubadiliki, volti ndiyo inayohama. Kuirefusha hadi nanosekunde 415 ni kulipia bima ya hatari ambayo nanosekunde 70 zingeikinga.

Kwa chaja hii ningefanya hivi. Mosfeti ya juu irudi kuwa IRFZ44N. Ya chini ibaki IRF3205, kwa kuwa yenyewe hugeuka wakati dayodi yake ya ndani imeshaanza kupitisha mkondo, na volti juu yake ni ndogo sana. Huko tambarare karibu haipo, ukinzani ndio unaotawala, na inawaka asilimia 62.5 ya muda, hivyo itapoteza wati 0.5 badala ya 1.1. Wenye hoja ya ukinzani wanapata nafasi yao ndani ya mzunguko huuhuu.

Draiva iwe IR2110 yenye ampea 2, lakini hapa ndipo onyo la waangalifu linanigusa. Kwa jumla ya omu 10 kwenye geti la juu, ukihesabu na ukinzani wa ndani wa draiva, IRFZ44N ingewaka kwa nanosekunde 33 tu, na dreni ya mosfeti ya chini ingeruka kwa zaidi ya volti 1 kila nanosekunde. Kapasita ya dreni na geti ya IRF3205, pikofaradi 211 hivi, ingesukuma karibu ampea 0.23 kwenye geti lake lililozimwa. Kupitia omu 10, hiyo ni volti 2.3. Kizingiti cha mosfeti hiyo kinaweza kuwa volti 2 tu. Zote mbili zingewaka pamoja kwa muda mfupi, na joto lingerudi kwa mlango mwingine. Kwa hiyo kuwasha kwa ya juu kupitie omu 22, na kuzima kupitie dayodi ndogo yenye rezista yake, jumla ya omu 10. Kuwasha kunakuwa nanosekunde 72, kuzima 46, na geti la chini linabaki kwenye volti 1 hivi. Joto la kugeuka la ya juu ni wati 2.1, na pamoja na ukinzani ni chini ya 2.8, kutoka wati 11.4 alizonazo sasa.

Kuhakikisha ni rahisi kwa mwenye oskiloskopu. Kwa mosfeti ya juu, pima kati ya geti na sosi kwa probu mbili na kutoa usomaji wa moja kwenye wa nyingine, au kwa probu inayoruhusu tofauti. Usifunge klipu ya ardhi kwenye sosi yake, maana utaiunganisha na ardhi. Tafuta ule mstari uliolala karibu na volti 5 na usome urefu wake. Asiye na chombo apunguze mkondo hadi ampea 4, asubiri joto litulie, kisha ashushe masafa hadi kilohezi 50. Joto la mosfeti ya juu lililozidi lile la hewa likipungua karibu nusu, chanzo ni geti. Lisipobadilika, ni ukinzani. Mkondo usipopunguzwa kwanza, jaribio linaweza kuharibu kitu, kwa sababu mawimbi ya mkondo kwenye koili huongezeka maradufu kwa kilohezi 50, na koili iliyokuwa imekaribia kushiba kwa ampea 10 itashiba kabisa.