Askofu hakuuliza kama wanapendana

Kila mjadala wa ndoa ukianza, hachelewi kutokea mtu wa kusema kwamba zamani watu walioana kwa wajibu, siku hizi wanaoana kwa mapenzi. Anayesema hivyo huwa anasikitika au anajisifu, inategemea umri wake. Mimi nadhani kauli hiyo inaruka sehemu tamu kuliko zote. Mapenzi hayakuingia kwenye ndoa kwa sababu watu walianza kupendana. Kupendana kulikuwako siku zote. Yalipita kwenye mlango uliofunguliwa na wanasheria wa kanisa, ambao wala hawakuwa na nia ya kuyakaribisha.

Turudi Ulaya ya karne ya 12. Wanazuoni wa kanisa walikuwa wanabishana juu ya swali moja kavu: ni kitu gani hasa kinachofanya ndoa iwe ndoa? Wengine walisema ni kukubaliana pamoja na kulala pamoja. Wengine walisema kukubaliana peke yake kunatosha, maana wangesema nini kuhusu Mariamu na Yosefu? Upande wa pili ndio ulioshinda, na Papa Aleksanda III, aliyeongoza kuanzia 1159 hadi 1181, akaufanya kuwa kanuni. Mwanamume na mwanamke wakiambiana kwa hiari yao maneno ya kuchukuana, tena kwa wakati uliopo, basi wameoana. Padri si lazima. Mashahidi si lazima. Baba na mama si lazima. Kufanya hivyo kwa siri ilikuwa dhambi, na Mtaguso wa Laterano, mkutano mkuu wa viongozi wa kanisa wa mwaka 1215, ukaagiza ndoa zitangazwe kwanza kanisani, lakini ndoa iliyofungwa kwa siri ilibaki kuwa ndoa.

Msemaji wa Kiswahili ana bahati ya kulielewa jambo hili haraka, kwa sababu kwetu limo ndani ya kitenzi. “Nakuchukua” ilikuwa ndoa. “Nitakuchukua” ilikuwa ahadi tu, ambayo inaweza kuvunjwa, isipokuwa kama wawili hao walilala pamoja baada ya kuahidiana; hapo ahadi iligeuka kuwa ndoa. Tofauti ya “na” na “ta” iliamua nani ni mke wa nani. (Kuna jingine linalonichekesha. Sisi tuna anayeoa na anayeolewa, lakini maneno ya kiapo kile yalikuwa sawa pande zote mbili: mimi nakuchukua wewe. Mwanamke naye alikuwa mtendaji.)

Nadharia hiyo inaeleweka zaidi ukimwona mtu aliyeitumia. Huyo ni Margery Paston, binti wa familia yenye mashamba mashariki ya Uingereza, familia iliyopanda cheo si zamani sana na iliyokuwa na hofu kubwa ya kushuka tena. Baba yake alifariki mwaka 1466. Mama yake, Margaret, aliendesha mali pamoja na wanawe wakubwa. Msimamizi wa mashamba yao alikuwa Richard Calle, mtu hodari na mwaminifu, lakini ndugu zake walikuwa wauza duka. Bila kumwambia mtu, Margery na Richard wakapeana maneno.

Siri ilipofumuka mwaka 1469, familia iliwatenganisha. Kaka mmoja aliandika kwamba hatakubali kamwe dada yake aende kuuza mishumaa na haradali huko Framlingham, mji wa kina Calle. Richard naye alimwandikia Margery barua akimwita mke wake wa kweli mbele za Mungu, akasema anaona kama miaka 1,000 imepita tangu waongee, akamsihi aichome akishaisoma. Haikuchomwa. Ipo hadi leo.

Septemba mwaka huo walifikishwa mbele ya Askofu wa Norwich, na tunajua yaliyosemwa kwa sababu mama alimwandikia mwanawe mkubwa barua yenye kila kitu. Askofu alianza kama mzee wa busara yeyote angeanza. Alimkumbusha Margery ukoo aliotoka na jamaa alio nao, akamwambia akiwafuata atapata zaidi, na asipowafuata atapata aibu na hasara na kutupwa. Akasema amesikia kwamba anampenda mtu ambaye jamaa zake hawamridhii. Kisha akaingia kwenye kazi yake: alitaka asikie maneno yenyewe yaliyotamkwa, ili ajue kama yanafanya ndoa au hayafanyi.

Hapo ndipo penye kiini. Askofu alijua wanapendana, na alilitaja hilo kama tatizo. Lakini alipofika kwenye uamuzi, mapenzi hayakuwa na uzito upande wowote, wala ukoo haukuwa nao. Kilichopimwa ni maneno.

Margery aliyataja. Halafu akaongeza, kwa ujasiri uliomkasirisha mama yake kuliko kitu kingine, kwamba kama maneno hayo hayakuifanya ndoa kuwa imara, basi ataiimarisha kabla hajaondoka pale, kwa maana katika dhamiri yake ameshafungwa, maneno yawe yalivyokuwa. Baada yake aliingizwa Richard, peke yake, akaulizwa alisema nini, lini, na mahali gani. Majibu yao yakalingana. Askofu alichelewesha hukumu hadi baada ya sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, labda akitumaini kitajitokeza kizuizi. Hakikutokea, na ndoa ikasimama.

Mama hakungoja hukumu. Siku ileile Margery aliporudi alikuta ameshafungiwa mlango, na askofu akalazimika kumtafutia pa kulala kwa watu wengine. Margaret akamwandikia mwanawe asihuzunike mno, kwa kuwa waliyempoteza ni mtu asiye na thamani. Ni maneno magumu kusoma, lakini sioni haki ya kumfanya mama huyu kuwa zimwi. Kwake yeye, ndoa ya binti ilikuwa njia ya kupata washirika, watetezi kwenye kesi za ardhi, na mlango wa kesho kwa wadogo zake. Binti mmoja kuamua peke yake ni sawa na mwanahisa mmoja kuuza kampuni nzima. Huo ndio wajibu unaosemwa: hesabu ya watu wengi ikiwa imebebeshwa miili ya watu wawili.

Mlango huo wa maneno ulikuwa na ubaya wake, na anayeusifu bila kuusema anadanganya. Kwa kuwa ndoa ilihitaji watu wawili tu, aliyegeuka aliweza kukana. Kesi nyingi za ndoa katika mahakama za kanisa nchini Uingereza wakati huo hazikuwa za kuachana. Zilikuwa za mtu anayedai “huyu ni mwenzi wangu” na mwingine anayesema “sikutamka hivyo”. Margery na Richard waliokolewa na jambo moja, kwamba wote wawili walisema kitu kilekile. Mwanamke aliyeambiwa “nakuchukua” gizani na mtu ambaye asubuhi anasema hamjui hakuwa na pa kushika.

Basi mlango ukaanza kurudishwa. Mwaka 1556 mfalme wa Ufaransa aliruhusu wazazi kuwanyima urithi watoto waliooana bila ridhaa yao, wana hadi miaka 30 na mabinti hadi 25. Mwaka 1563 Mtaguso wa Trento ukasema kuanzia sasa ndoa bila paroko na mashahidi wawili au watatu ni batili. Lakini ulikataa kabisa kusema kwamba ndoa bila ridhaa ya wazazi ni batili. Kanisa lilikuwa tayari kuondoa giza, si kuwarudishia wazazi funguo. Uingereza ikafuata mwaka 1753 kwa sheria iliyotaka ndoa ifungwe kanisani kwa utaratibu, na aliye chini ya miaka 21 anayeoana kwa kibali maalumu, badala ya kutangazwa kanisani, awe na ruhusa ya mzazi. Vijana wakakimbilia ng’ambo ya mpaka, Uskoti, ambako sheria hiyo haikufika na maneno mbele ya mashahidi wawili yaliendelea kutosha.

Angalia silaha aliyopewa baba wa Kifaransa. Ilikuwa urithi. Sheria ilikuwa imeshampa kijana haki ya kusema ndiyo au hapana, na hiyo haikupokonyeka kirahisi, kwa hiyo wakamshika kwenye mkate. Na kwa maoni yangu hapo ndipo ilipo historia yote iliyobaki. Uhuru wa kukubali ulikuwapo tangu Aleksanda III. Kilichokosekana ni uwezo wa kuugharamia. Margery aliweza kwa sababu Richard alikuwa na kazi inayomwingizia kipato, tena kazi ambayo familia ya Paston yenyewe iliihitaji. Walimchukia, na bado baadaye tunamkuta akiendelea kuwashughulikia mambo yao. Mshahara ulipoanza kuenea kwa vijana wa kawaida, wanaoingia mjini na kulipwa mkononi bila kungoja shamba la baba, ndipo wengi walipoweza kufanya alichofanya Margery bila kulala kwa majirani.

Wanawake walichelewa zaidi, na kwa hili kuna ushahidi wa karibu kabisa. Mwaka 1967 mtafiti wa Marekani aitwaye William Kephart alichapisha majibu ya wanafunzi wa chuo aliowauliza: kama ukimpata mtu mwenye sifa zote nyingine unazotaka, ungefunga naye ndoa hata kama humpendi? Karibu theluthi mbili ya wanaume walisema hapana. Kwa wanawake, waliosema hapana ni kama robo tu. Wengi wao hawakuwa na jibu la uhakika. Wanaodhani mwanamke ndiye mtumwa wa mahaba na mwanamume ndiye mwenye hesabu wayasome tena majibu hayo. Swali lilelile lilipoulizwa tena katikati ya miaka ya 1980, zaidi ya asilimia 80 walisema hapana, wanaume na wanawake karibu sawa. Sidhani mioyo ya wanawake ilibadilika kwa miaka kumi na kitu. Kilichobadilika ni kwamba mwenzi hakuwa tena ndiye kazi, nyumba na pensheni yao.

Sheria yenyewe haijasogea sana. Tamko la Haki za Binadamu la mwaka 1948, ibara ya 16, linataka ndoa ifungwe kwa ridhaa huru na kamili ya wanaooana. Neno mapenzi halimo. Mfungisha ndoa wa leo anauliza alichouliza askofu wa Norwich: mmekubali? Yaliyobaki tumeyaongeza wenyewe.

Margaret Paston aliandika wosia wake mwaka 1482, miaka 13 baada ya kumfungia binti mlango. Humo ndani, pamoja na mengine mengi, alimwachia pauni 20 kijana anayeitwa John Calle, mtoto wa Margery.