Violini inayokwaruza: maiki karibu au mbali? Mi naanza na engo

"Nimerekodi violini peke yake chumbani kwa maiki ya kondensa, nimeiweka karibu kama futi moja, sauti inatoka kali inakwaruza masikio hasa uzi wa juu. Niisogeze mbali au nicheze na engo tu?"

Hapa kuna kambi mbili na zote zina hoja. Wa karibu wanasema chumba cha nyumbani hakina sauti nzuri, kwa hiyo chukua violini kavu halafu riveb, yaani mwangwi wa kuongezea kwa kompyuta, utaweka baadaye. Wa mbali wanasema violini haijatengenezwa isikilizwe kwa futi moja, rudi nyuma uiache ipumue. Mi nadhani wote wanaruka swali la kwanza, yaani maiki imesimama upande gani wa violini, maana hilo linabadilisha ukali kuliko sentimita 20 za kwenda mbele au kurudi nyuma.

Sababu iko hivi. Noti za chini za violini, kuanzia uzi wa G ambao ni hezi 196 na kupanda kidogo, zinasambaa karibu pande zote sawa. Ukishapita hezi 1,000 hivi mambo yanabadilika, sauti inaanza kuchagua njia, na ule ukali unaoumiza, wa kati ya hezi 2,000 na 5,000, sehemu kubwa inatoka kwa ubao wa juu kama mwanga wa tochi. Mpigaji akishika violini kawaida, ule ubao unaangalia juu na kuegemea kulia kwake, ndo maana kwenye jukwaa anasimama upande wake wa kulia ukiwa kwa watu. Sasa ukiweka maiki futi moja juu ya daraja, imenyooka kuangalia matundu ya efu, umeiweka katikati ya tochi, na juu ya hapo upinde unakwaruza nyuzi hapo hapo chini yake. Maiki inasikia upande mmoja tu wa chombo, upande mkali kuliko zote. Na kondensa nyingi za bei nafuu zimeongezewa mng'ao huko juu, kwa hiyo unaongeza ukali juu ya ukali.

Hiyo ndo inaeleza kwa nini umbali unasaidia. Watu wanadhani hewa inakula ule mkwaruzo, lakini kwa mita moja au mbili hewa haili kitu cha kusikika. Kinachotokea ni kwamba ukirudi nyuma, maiki inaanza kupokea pia sauti iliyotoka mgongoni mwa violini, chini na pembeni, ikagonga kuta na kurudi, na huko ndo kuna ule utamu wa mbao. Vikichanganyika, ukali unapata wa kuupooza. Ila hii inategemea chumba kina kitu kizuri cha kurudisha, na hapo kambi ya karibu ina haki yake kabisa.

Chukua chumba cha kawaida, mita 3 kwa 4, sakafu ya tailizi, madirisha ya vioo, dari mita 2.6. Ukisogeza maiki kutoka sentimita 30 mpaka mita 1.2, sauti inayokuja moja kwa moja kutoka kwa violini inashuka kama desibeli 12, unapandisha geini kuifidia, na feni ya jirani, bodaboda, friji, vyote vinapanda desibeli 12 pamoja nayo. Halafu dari. Ubao wa violini unaangalia dari, kwa hiyo dari fupi ndo inapokea ile sehemu kali zaidi na kuirudisha chini muda mfupi sana baadaye. Mtu anarudi nyuma mita nzima akitafuta ulaini anapata ukali ule ule, sasa una na mlio wa kopo ndani yake, anahitimisha kwamba maiki yake mbovu. Utaijua hii kwa kumwambia mpigaji apande skeli taratibu kwa nguvu ile ile: kama noti moja inaruka mbele na jirani yake inazama, na ukihamisha stendi kidogo noti zinazoruka zinabadilika, hicho ni chumba. Kama mkwaruzo uko kila noti popote unapoweka maiki, angalia upinde, rozini iliyozidi, au mpigaji anayepigia karibu mno na daraja.

Kwa hiyo kwenye chumba hicho mi ningefanya hivi. Kwanza mpigaji asisimame katikati ya chumba wala kubana ukuta. Tundika godoro jembamba au blanketi nzito mbili zilizokunjwa juu ya kichwa chake, chini kidogo ya dari. Kweli blanketi haligusi besi, linakula sauti za juu tu, lakini hapa za juu ndo tunazozitaka ziliwe. Maiki ya kadioidi, ile inayosikia mbele na kupuuza mgongoni, ianzie sentimita 80 hivi, juu kidogo ya usawa wa kichwa cha mpigaji, ikiangalia chini, ili mgongo wake uwe kwa dari. Halafu sasa engo: vaa hedifoni zinazoziba vizuri, mwambie apige noti ndefu kwenye uzi wa E, shika stendi uitembeze taratibu kutoka juu ya daraja kuelekea kichwa cha violini, kule kwenye funguo za kukazia nyuzi. Utasikia kabisa mahali mkwaruzo unapokatika na noti inabaki. Usiende mbali mno upande huo, ukifika kushoto kabisa kwake uzi wa E unakuwa kama umefunikwa kitambaa na upinde haueleweki unaanza wapi. Simama kabla ya hapo, kisha mwambie apige uzi wa G kuhakikisha haujakonda. Ndo unaongeza umbali, kidogo kidogo mpaka mita 1.2, na unaacha pale chumba kinapoanza kusikika kuliko chombo.

Kuna faida nyingine ya kutoka futi moja ambayo wa karibu hawaisemi. Mpigaji anatikisika, na akisogea sentimita 10 kuelekea maiki iliyo sentimita 30, sauti inaruka kama desibeli 3.5 na rangi inabadilika kwa sababu ameingia engo nyingine. Kwa mita 1.2 mruko huo haufiki desibeli 1.

Wa karibu watajibu: si kuna ekolaiza? Ipo, na kupunguza desibeli 2 au 3 pale kwenye hezi 3,000 kunaweza kuokoa rekodi iliyokwisha fanyika. Shida ni kwamba mkwaruzo hauko sawa noti zote, ukikata kwa ajili ya E unazima pia uhai wa nyuzi za kati ambazo hazikuwa na kosa. Wengine wanakimbilia maiki ya ribboni, na ni laini kweli, ila inasikia mbele na nyuma sawasawa, kwa hiyo mgongoni kwake lazima kuwe na blanketi, na inataka geini kubwa ambayo intafesi ndogo zinaitoa na mvumo.

Maiki ya karibu inabaki kuwa sahihi pale violini inapoenda kuwekwa juu ya bendi iliyokwisha rekodiwa, mfano fidla kwenye taarab ambako qanuni na akodioni vitafunika mkwaruzo kidogo na chumba cha ziada kitachafua, au mvua ikiwa inapiga bati. Hapo kaa sentimita 50, lakini upande wa kichwa cha violini, usinyooshe kwenye daraja. Ikiwa violini iko peke yake kabisa, na chumba chako hakifai hata baada ya blanketi, tafuta ukumbi au kanisa lenye dari ndefu usiku magari yakipungua, maiki mita 1.5 mpaka 2, na ile ile hatua ya kutembeza stendi uifanye tena, maana engo uliyoipata nyumbani chini ya dari fupi haitakuwa hiyo hiyo kule.