Kinyaa Hakisikilizi Ushahidi

Katika jaribio lililofanywa na mwanasaikolojia Paul Rozin na wenzake, watu walipewa juisi ambayo mende aliyekufa alikuwa amechovywa ndani yake. Mende huyo alikuwa ameuliwa vijidudu vyote, kwa hiyo juisi haikuwa na madhara, na wanywaji walielezwa hivyo. Wengi hawakuitaka. Kinyaa kilichotulinda tangu zamani dhidi ya nyama iliyooza kina kanuni yake: kilichoguswa kimechafuka, na maelezo hayakisafishi.

Kanuni hiyo haikuishia jikoni. Mwaka 2009, Hanah Chapman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Toronto walipima msuli unaoinua mdomo wa juu na kukunja pua. Msuli huo ulijikaza watu walipoonja vinywaji vichungu na walipotazama picha za uchafu. Kisha wakacheza mchezo wa kugawana dola 10, ambamo mmoja hupendekeza mgawo na mwenzake hukubali au hukataa, na akikataa wote hukosa. Kadiri mgawo ulivyozidi kuwa wa dhuluma, kwa mfano tisa kwa moja, ndivyo msuli uleule ulivyozidi kujikaza. Matokeo hayo hayathibitishi kwamba dhuluma na uozo ni kitu kimoja akilini, kwa kuwa waliodhulumiwa walikuwa pia na hasira, lakini yanaonyesha kwamba tunaposema tabia ya fulani inatia kichefuchefu, huenda si usemi mtupu.

Hapa wengine wamekwenda mbali mno. Ilidaiwa kwamba kinywaji kichungu pekee kinatosha kumfanya mtu ahukumu makosa ya wengine kwa ukali zaidi, dai tamu kulisimulia, nami nakiri lina mvuto. Lilipojaribiwa upya katika maabara 11, kwa watu zaidi ya 1,000, athari hiyo haikuonekana. Uchungu mdomoni, basi, haumgeuzi mtu kuwa hakimu mkali.

Kinachonitia wasiwasi ni namna kinyaa kinavyohukumu kinapomwelekea mtu mwenyewe. Hasira hutaja kosa: umechukua changu, kirudishe, na kikirudishwa mara nyingi hupoa. Kinyaa humtazama mtu kama juisi ile. Aliyeiba akalipa, akatumikia kifungo na kuomba radhi bado anaweza kuepukwa, na anayeshirikiana naye akaonekana amechafuka pia. Dalili ya kwamba ni kinyaa kinachosema, wala si hoja, ni kwamba ukiulizwa nani ameumia, unataja sababu moja, ikivunjwa unashika nyingine, na hukumu yako haitikisiki hata kidogo. Mtu akifika hapo, mimi humwuliza ni jambo gani, likitendeka, lingemfanya abadili maoni yake. Akikosa hata moja, sioni kwa nini hukumu hiyo imwamulie mwingine kazi, makazi au ndoa.