Mboji ya minyoo au unga wa rizobia? Pima uzito kwanza

"Maharage nalima tambarare, kihamba kiko juu, na mbolea ya dukani siimudu. Nianze na mboji ya minyoo au ule unga wa kuchanganya na mbegu?"

Kwa mkulima wa Moshi mwenye mashamba ya namna hiyo, jambo la kwanza ni mzigo. Karibu nusu ya mboji ya minyoo ni maji. Tani 2 zikikauka zinabaki tani 1 hivi, na ikiwa na naitrojeni asilimia 1.5, ni kilo 15 tu, tena haitoki yote msimu huo huo. Mfuko mmoja wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Ukikodi gari kuiteremsha hiyo mboji, nauli inakula faida yote.

Kihambani, kwenye shamba la migomba la nyumbani, mambo ni tofauti. Samadi na vigogo vya migomba vipo hapo hapo, na mboji inaleta pia fosforasi na potasiamu, na kuufanya udongo ushike maji. Shida iko kwenye ulezi: samadi mbichi inapata joto na kuua minyoo, kwa hiyo iachwe ipoe kwanza. Na siafu wakiingia usiku, asubuhi hukuti kitu.

Unga wa rizobia, yaani bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi na kuupa mmea naitrojeni ya hewani, ni mwepesi. Gramu 10 zinatosha kilo moja ya mbegu, kwa hiyo ekari inayopandwa kilo 30 inahitaji gramu 300. Lakini hapa ndipo wauzaji wanapoahidi kupita kiasi. Maharage hayachagui sana bakteria, na shamba lililolimwa maharage miaka mingi mara nyingi lina wa kwake, ambao huwazidi nguvu wageni. Soya ndiyo inayochagua. Ikipandwa mahali ambapo haijawahi kulimwa, unga huo huonyesha tofauti kubwa zaidi.

Ndiyo maana nasema chimba kabla ya kununua. Maharage yakianza kutoa maua, chimbua mashina kama 10 kwa jembe, usiyang'oe, maana vinundu vitabaki ardhini. Osha mizizi, kata vinundu. Vikiwa vyekundu ndani, vinafanya kazi, na vikiwa vingi fedha yako ibaki mfukoni. Vyeupe au vya kijani havikusaidii. Vikiwa vichache, usikimbilie kulaumu bakteria: huenda fosforasi haitoshi, na kwenye udongo wenye tindikali mbolea ya Minjingu inaweza kusaidia kuliko unga. Samadi nyingi nayo hupunguza vinundu, kwa kuwa mmea ulioshiba naitrojeni hauhangaiki kuvitengeneza.

Mimi ningeiacha mboji juu, kwenye migomba na mboga. Tambarare ningejaribu unga kwenye mistari michache, kwa mbegu isiyopakwa dawa ya kuvu, nikiichanganyia kivulini na kuifukia mara moja. Mistari isiyo na unga ipandwe kwanza, kwa sababu mikono iliyoshika unga huhamisha bakteria, na hapo hutajua kipi kimefanya kazi.