Mtihani wa Picha Si Bahati Nasibu

Juzi nilishiriki mashindano ya CTF, yaani ya kusaka maandishi ya siri yaitwayo bendera, ambayo sitayataja, na katika fungu la steganografia, yaani ufichaji wa data ndani ya faili, tukapewa picha ya jahazi katika faili la JPEG, bila kidokezo chochote. Mashindano yalipofungwa, waandaaji walitangaza kwamba ujumbe ulifichwa kwa programu ya `steghide`, na kwamba nenosiri lilikuwa jina la klabu anayoishabikia mtunzi wa swali, likifuatwa na mwaka wake wa kuzaliwa. Hongera kwake. Alichokipima ni jinsi tunavyomfahamu yeye, wala si jinsi tunavyoweza kuichunguza picha. Nakubali, kwa shingo upande, kwamba `stegseek`, programu ya kubahatisha manenosiri ya `steghide`, huimaliza orodha ya `rockyou.txt`, yenye manenosiri zaidi ya milioni 14, kwa sekunde chache tu, kwa hiyo mtunzi anayechagua nenosiri kutoka humo hajatutendea ubaya mkubwa. Huyu hakufanya hata hilo.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba kuficha data ndani ya picha huacha athari zinazoweza kupimwa, na kuzipima ndiyo kazi yenyewe. Chukueni njia ambayo kila anayeanza hukutana nayo, yaani kubadilisha biti ya mwisho ya kila rangi katika picha ya PNG. Kila pikseli ina namba tatu, ya nyekundu, ya kijani na ya buluu, kila moja kuanzia 0 hadi 255, na biti ya mwisho ya namba hizo huamua tu iwapo namba ni shufwa au witiri. Jicho halitofautishi buluu ya 214 na ya 215, na hapo ndipo mfichaji anapopata nafasi yake.

Tuseme tunataka kuficha herufi S, ambayo kwa ASCII ni 83, au 01010011 kwa biti. Tunachukua pikseli tatu za anga zenye thamani (118, 167, 214), (118, 168, 214) na (119, 168, 213), kisha tunazipitia kwa mpangilio. Biti ya kwanza ni 0, na 118 ni shufwa, kwa hiyo haiguswi; ya pili ni 1, na 167 ni witiri tayari; ya tatu ni 0, na 214 inafaa ilivyo. Biti ya nne ni 1, lakini 118 ni shufwa, hivyo inakuwa 119. Tukiendelea hivyo, 168 na 214 zinabaki, 119 inabaki, na 168 ya mwisho inageuka kuwa 169. Herufi nzima imeingia kwa kubadilisha namba mbili tu, kila moja kwa kiasi cha moja, na 213 haikuhitajika kabisa. Picha ya pikseli 640 kwa 480 inaweza kubeba baiti 115,200 kwa njia hiyo, ambazo ni nyingi kupita bendera yoyote ya mashindano.

Tazameni sasa jambo ambalo mfichaji hulisahau. Namba 118 inaweza kuwa 119, na 119 inaweza kurudi kuwa 118, lakini 119 haiwezi kamwe kuwa 120, kwa sababu ni biti ya mwisho pekee inayoguswa. Namba zote zimefungwa katika jozi. Katika picha ya kawaida hakuna sababu ya 118 na 119 kutokea mara sawasawa. Tuseme ya kwanza inatokea mara 900 na ya pili mara 500. Ujumbe uliosimbwa una sufuri na moja zinazokaribiana kwa idadi, kwa hiyo ukiijaza picha yote, kila moja ya namba hizo itatokea karibu mara 700. Jumla ya jozi haibadiliki, ila tofauti ndani yake inafutika, na hali hiyo inajirudia katika jozi zote 128. Andreas Westfeld na Andreas Pfitzmann walilionyesha jambo hili mwaka 1999 kwa kutumia jaribio la khi-mraba, na uzuri wake ni kwamba, ujumbe ukiwa umewekwa kwa mpangilio kuanzia juu ya picha, jaribio huonyesha hata mahali unapokomea: jozi zinalingana mpaka mstari fulani, kisha usawa unavunjika ghafla.

Jaribio hilo lina mipaka yake. Ujumbe mfupi uliotawanywa huku na huko kwenye picha kubwa hausawazishi jozi vya kutosha, na mfichaji anayeongeza au kupunguza moja bila mpangilio, badala ya kubadilisha biti tu, anatoka nje ya jozi na kulikwepa jaribio. Hata hivyo, katika maswali ya mashindano mara nyingi inatosha kuichora tabaka ya biti ya mwisho peke yake na kuitazama:

```python
from PIL import Image
import numpy as np
a = np.array(Image.open("swali.png").convert("RGB"))
Image.fromarray((a & 1) * 255).save("biti0.png")
```

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu wakiona chengachenga katika tabaka hiyo hupiga kelele kwamba wamepata. Picha ya kamera huwa na chengachenga hizo bila kufichwa kitu, maana kihisi chenyewe kina kelele zake. Tafuteni mahali pasipostahili kuwa nazo: nembo yenye rangi moja, picha ya skrini, au anga lililoungua kwa mwanga ambalo kila thamani yake ni 255 na lingepaswa kuonekana jeupe tupu. Chengachenga zikianzia ukingo wa juu na kukatika kwenye mstari mmoja ulionyooka, hakuna kamera inayofanya hivyo. Na kumbukeni kwamba `convert("RGB")` hapo juu huitupa chaneli ya uwazi, ambako watunzi wajanja hupenda kujificha. Picha ikiwa na chaneli hiyo, ichunguzeni kwa `RGBA` na kuichora peke yake.

Njia ya kubandika faili la zip mwishoni mwa picha sioni kama ni ufichaji wa maana, ingawa bado inatungiwa maswali. PNG halali huishia kwa kipande cha `IEND`, na baiti zake nne za mwisho ni `ae 42 60 82`. Amri ya `xxd swali.png | tail` ikionyesha kitu kingine mwishoni, hasa `50 4b 05 06`, basi jaribuni `unzip swali.png` moja kwa moja, kwa kuwa zip husomwa kuanzia mwisho wake na picha iliyotangulia haiizuii.

Na ninyi waandaaji mnaosambaza maswali kwenye makundi ya WhatsApp, tafadhalini. PNG ikitumwa kama picha ya kawaida hubanwa upya kuwa JPEG, thamani za pikseli hubadilika, na biti za mwisho mlizozipanga kwa uangalifu huvurugika, halafu vijana wanakesha wakitafuta bendera ambayo haimo tena. Mshiriki anaweza kujihami kwa kuendesha amri ya `file` kabla ya jambo lolote: swali likisema PNG na jibu likasema `JPEG image data`, asipoteze dakika hata moja kwa `zsteg`, chombo cha kusaka data katika biti za PNG, bali adai faili litumwe upya kama hati.